Hati ya Makubaliano ya Familia ya Kugawana Ardhi ya Urithi na Kuachiliana Madai

HATI HII imefanyika leo, Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, nyumbani kwa marehemu Aminieli Josia Lyaruu, Kijiji cha Samanga, Kata ya Marangu Mashariki, Wilaya ya Moshi, Mkoa wa Kilimanjaro,

KATI YA

Anaeli Aminieli Lyaruu, mjane wa marehemu, miaka 74, mkulima, wa hapa Samanga (humu ataitwa "Mama");

Elinisafi Aminieli Lyaruu, mtoto wa kwanza, miaka 52, mfanyabiashara, mkazi wa Arusha;

Aikande Aminieli Lyaruu, miaka 49, muuguzi, mkazi wa Moshi mjini, ambaye pia ndiye msimamizi wa mirathi;

Eliaika Aminieli Lyaruu, miaka 41, mkulima na mfugaji, wa hapa Samanga;

Ombeni Aminieli Lyaruu, mtoto wa mwisho, miaka 36, fundi seremala, wa hapa Samanga;

NA warithi wa marehemu Wariaeli Aminieli Lyaruu, mtoto wa tatu, aliyefariki 2016, ambao ni Barikieli, miaka 20, anayesaini mwenyewe, na Neema, miaka 14, anayesimamiwa na mama yake mzazi, Veronika.

KWA KUWA

A. Baba yetu alifariki tarehe 14 Machi 2023 bila kuacha wosia wa maandishi. Maneno aliyosema akiwa mgonjwa yamesimuliwa na kila mmoja wetu kwa namna yake, na tumekubali kwamba hakuna atakayeyatumia kama wosia, awe ndiye aliyekuwa kando ya kitanda au aliyesikia kwa simu.

B. Mahakama ya Mwanzo Himo, katika Shauri la Mirathi Na. 41 la 2024, ilimteua Aikande kuwa msimamizi tarehe 6 Mei 2024, naye akawasilisha orodha ya mali kwa Fomu Na. V mwezi Agosti 2024. Hakuna deni la marehemu lililobaki.

C. Katika kikao cha ukoo baada ya matanga ilisemwa kwamba mtoto wa kike hana kihamba, na kwamba Eliaika, kwa kuwa aliwahi kuolewa, arudi alikoolewa. Neno hilo tunalifuta kwa pamoja, na wazee waliolisema wapo hapa na wamekubali lifutwe. Kifungu cha 20(2) cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114, kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Lakini hata kabla ya sheria, Eliaika ndiye aliyemgeuza Baba kitandani kwa miezi saba, na sote tuliona.

D. Mwaka jana Eliaika alipeleka lalamiko Baraza la Kata dhidi ya Ombeni kuhusu kahawa na miringaringa mitatu iliyokatwa na kuuzwa mbao. Tarehe 4 Januari 2025 Ombeni alimpelekea dada yake isale la kuomba msamaha, naye akalipokea. Lalamiko limeondolewa.

SASA TUNAKUBALIANA HIVI:

1. Ardhi inayogawanywa

Ni sehemu tatu, nazo ndizo ardhi yote ya marehemu tunayoijua. Ya kwanza ni kihamba cha Samanga, ekari mbili na robo, ambacho juu kinapakana na mfongo, mashariki korongo, chini barabara ya kijiji, na magharibi kihamba cha ukoo wa Mariki. Ya pili ni shamba la tambarare lililoko Kijiji cha Lotima, Kata ya Makuyuni, ekari sita, la mahindi na maharage. Ya tatu ni kiwanja cha Himo, mita 20 kwa 25, chenye fremu mbili za biashara zilizopangishwa. Vipimo vya Samanga na Lotima vilichukuliwa kwa futi kamba tarehe 11 Januari 2025 mbele ya majirani wa pande zote, na mchoro uliochorwa siku hiyo umesainiwa nao na kuambatishwa kama Kiambatisho A. Pale maneno ya hati na mchoro vitakapotofautiana, mchoro ndio utakaofuatwa, kwa sababu huo ndio uliokanyagwa kwa miguu.

2. Kihamba cha Samanga

(a) Nusu ekari yenye nyumba kubwa, zizi, kisima cha maji ya mvua na mibuni ya mbele ya nyumba ni ya Mama kuitumia maisha yake yote. Hakuna atakayemhamisha, kumpangia mtu chumba, wala kung'oa mbuni au mgomba humo bila ruhusa yake. Siku Mungu atakapomchukua, sehemu hii itakuwa ya Ombeni, kama ilivyo desturi yetu kwa mtoto wa mwisho anayebaki na wazazi. Malipo ya pili ya kahawa ya msimu uliopita, yatakapotoka chama cha msingi, ni ya Mama peke yake.

(b) Nusu ekari ya upande wa mfongo ni ya Eliaika, pamoja na banda la ng'ombe alilojenga mwenyewe. Anapewa kama mmiliki kamili, si kama mtu aliyekaribishwa. Akiolewa tena, asipoolewa, akiishi hapa au akihama, ni yake na ya watoto wake.

(c) Nusu ekari inayofuata chini yake, penye nyumba aliyoijenga Wariaeli, ni ya Barikieli na Neema kwa hisa sawa. Veronika ataendelea kukaa katika nyumba hiyo kwa muda wote atakaopenda.

(d) Robo ekari kando ya barabara ni ya Elinisafi. Anayo nyumba yake Arusha na mwenyewe alisema angetosheka na tambarare, lakini hatukutaka mtoto wa kwanza akose mahali pa kurudi na pa kuzikwa.

(e) Robo ekari ya upande wa korongo ni ya Aikande.

(f) Robo ekari iliyobaki haigawanywi kamwe. Ni makaburi ya Babu, Bibi, Baba na Wariaeli, na njia ya upana wa mita mbili na nusu inayotoka barabarani hadi mfongo. Kila mrithi, mke au mume wake na watoto wao wana haki ya kupita, kuzuru na kuzika. Asiuze mtu, asipande, asifunge geti.

3. Maji ya mfongo

Zamu ya familia ikifika, maji yataanza kwa Mama, kisha Eliaika, kisha nyumba ya Wariaeli, kisha Aikande na Elinisafi. Mfereji mdogo unaopita ndani ya sehemu ya Eliaika kwenda chini usizibwe wala kugeuzwa na yeyote. Siku ya kuzibua mfongo kila nyumba itoe mtu; asiyeweza kuja alipe kibarua. Tumeliandika hili kwa urefu kwa sababu mwaka 2019 lilituletea maneno mabaya kuliko mipaka yenyewe.

4. Shamba la Lotima

Kuanzia upande wa barabara: Elinisafi ekari mbili, Aikande ekari moja na nusu, Ombeni ekari moja na nusu, Barikieli na Neema ekari moja. Eliaika hapati Lotima kwa sababu zilizo katika vifungu vya 5 na 6.

5. Kiwanja cha Himo

Kodi ya fremu zote mbili ni ya Mama maisha yake yote, na wapangaji watalipa katika simu yake, si ya mtu mwingine. Baada yake, fremu ya kushoto ukizitazama kutoka barabarani, pamoja na nusu ya kiwanja, itakuwa ya Eliaika. Ya kulia na nusu nyingine itakuwa ya Barikieli na Neema.

6. Fidia ya kusawazisha

Kwa kuwa sehemu ya Elinisafi Lotima ni kubwa na fremu ya Eliaika itamfikia baadaye, Elinisafi anamlipa Eliaika shilingi 1,800,000. Shilingi 900,000 zimehesabiwa leo mezani mbele ya mashahidi na Eliaika anakiri kuzipokea. Zilizobaki, shilingi 900,000, zitalipwa ifikapo tarehe 30 Juni 2025. Zisipolipwa, Eliaika atalima nusu ekari ya Elinisafi Lotima bila malipo hadi deni liishe.

7. Kuachiliana madai

Kila mmoja wetu aliye mtu mzima, kwa hiari yake, akiwa na akili timamu na bila kushurutishwa, anawaachilia wenzake wote, sasa na siku zote, madai yoyote yanayotokana na ardhi na mirathi ya Baba, isipokuwa haki zilizotajwa ndani ya hati hii. Ili asije mtu akasema "lile halikuhesabiwa", tunayataja:

Elinisafi anaachilia shilingi 6,200,000 alizotumia kwa bati la nyumba kubwa na matibabu ya Baba. Eliaika anaachilia dai la kahawa ya mwaka 2023 na la kazi ya kumuuguza Baba, ingawa sote tunakiri kwamba kazi hiyo haina bei. Ombeni amekwisha kumkabidhi Mama shilingi 900,000 za mbao za miringaringa, na halitaulizwa tena. Aikande hadai posho ya usimamizi wala nauli za mahakamani. Barikieli anaachilia, kwa nafsi yake, dai kuhusu ng'ombe wawili wa baba yake waliouzwa wakati wa msiba wa 2016.

Neema hafungwi na kifungu hiki. Ni mtoto, na hakuna kati yetu mwenye mamlaka ya kusamehe kwa niaba yake. Sehemu yake haitauzwa wala kuwekwa rehani kabla hajatimiza miaka 18, na Veronika ataitunza kwa faida yake.

8. Kuuza

Anayetaka kuuza sehemu yake ya kihamba atawaarifu kwanza ndugu wote kwa maandishi na kuwapa siku 90 wanunue. Wakishindwa, atafuata utaratibu wa Halmashauri ya Kijiji.

9. Utekelezaji

Masale yamekwisha kupandwa kwenye kila kona iliyopimwa. Atakayeng'oa atapanda upya kwa gharama yake mbele ya majirani. Aikande atawasilisha hati hii mahakamani pamoja na hesabu za Fomu Na. VI, na kila mmoja ataomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake kwa ardhi ya Samanga na Lotima. Gharama za maombi hayo kila mtu atabeba za kwake. Za nyumba ya Wariaeli atazilipa Elinisafi.

10. Mgogoro ukitokea

Utapelekwa kwanza kwa Mama akiwa hai, na kwa wazee watatu wa ukoo, mmoja wao akiwa mwanamke. Usipoisha ndani ya siku 30, kila mmoja yuko huru kwenda kwenye vyombo vya sheria.

Hati hii imesomwa yote kwa sauti kwa Kiswahili, na kufafanuliwa kwa Mama kwa Kichaga cha Marangu na Aikande, naye akasema ameelewa na ameridhika. Wake na waume wa wahusika wameisikia na hawana pingamizi. Nakala saba zimesainiwa. Kila nyumba ina yake, moja ni ya mahakama.

WAHUSIKA

Anaeli Aminieli Lyaruu, kwa dole gumba la kulia
Elinisafi Aminieli Lyaruu, amesaini
Aikande Aminieli Lyaruu, amesaini, kwa nafsi yake na kama msimamizi wa mirathi
Eliaika Aminieli Lyaruu, amesaini
Ombeni Aminieli Lyaruu, amesaini
Barikieli Wariaeli Lyaruu, amesaini
Veronika Wariaeli Lyaruu, amesaini kwa niaba ya Neema

MASHAHIDI

Josia Ndelilio Lyaruu, mwenyekiti wa ukoo, amesaini
Ndeshukurwa Josia Lyaruu, shangazi, amesaini
Mwenyekiti wa Kitongoji, amesaini na kugonga muhuri
Afisa Mtendaji wa Kijiji cha Samanga, amesaini na kugonga muhuri

Imesainiwa mbele yangu, Samanga, tarehe 8 Februari 2025, na wahusika wote ambao wametambulishwa kwangu na mwenyekiti wa ukoo ninayemfahamu mimi binafsi: Wakili na Kamishna wa Viapo, amesaini na kugonga muhuri.