Karibu kwetu, Dada Nadine: njia ya msimbo wako hadi kwa mteja

Dada Nadine,

Jambo, na karibu sana. Jumatatu tunakungoja bironi saa 2 na nusu asubuhi. Mashine yako iko tayari na mwaliko wa GitHub umeshatumwa. Nakuandikia mapema namna tunavyofanya kazi, kwa sababu karibu kila mstari wa mfumo huu unagusa pesa ya mtu. Mama anayeuza bunga soko la Kenya, hapa Lubumbashi, analipa depo kwa M-Pesa au Airtel Money, na sisi ndio tunaosema kama amelipa au hajalipa.

Ukivuta hazina nyumbani, ongeza `--filter=blob:none` kwenye `git clone`. Mafaili ya zamani hayatashuka yote, na mega zako zitapona.

Tawi la kudumu ni moja tu, `main`, na kilichomo ndani yake lazima kiwe tayari kumfikia mteja saa yoyote. Kila kazi inaanzia hapo, kwenye tawi lenye namba ya kazi:

```
git switch main
git pull
git switch -c 214-risiti-mara-mbili
```

Tawi liishi siku moja au mbili. Likizidi hapo, kazi ni kubwa mno: njoo tuigawe. Ujumbe wa komiti andika kwa Kiswahili au Kifaransa, upendavyo, ila useme kwa nini umebadilisha. Kilichobadilika `git diff` itatuonyesha. Jioni kabla ya kutoka, sukuma tawi lako hata kama halijaisha, na ufungue ombi la kuunganisha kama `Draft`. Umeme ukikatika usiku na mashine ikakataa kuwaka, kazi yako iko salama.

Sasa ukaguzi, na hapa nakuomba usome polepole. Ombi linahitaji mkaguzi mmoja. Likigusa folda ya `malipo/`, wawili. Kabla ya kumwita mtu, soma mabadiliko yako mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Mkaguzi naye anajibu siku ileile, maana tawi linalongoja linazeeka.

Kuna mambo matatu hatuyaachi yapite. La kwanza, taarifa ya malipo inaweza kufika mara mbili, kwa sababu kampuni ya simu isipopata jibu letu inaituma tena. Namba ya muamala ikishaandikwa, ya pili isihesabiwe. La pili, kiasi cha pesa hakihifadhiwi kwa desimali inayoelea: kwa mashine, `0.1 + 0.2` haitoi `0.3` kamili. Tunahifadhi namba nzima za senti, na pembeni yake `CDF` au `USD`, kwa kuwa wateja wetu wanalipa kwa franka na kwa dola siku hiyohiyo. La tatu ni saa. Lubumbashi iko saa 2 mbele ya UTC, Kinshasa saa 1. Malipo ya huku 00:30 kule bado ni 23:30 ya jana, na ripoti ya siku inaharibika. Hifadhi UTC, geuza wakati wa kuonyesha tu.

Kwenye maoni tunaanza na `LAZIMA` au `WAZO`, ili mwandishi ajue lipi linazuia kuunganisha. Na usione haya kumkosoa mkubwa. Nyumbani tumelelewa kunyamaza mbele ya yaya, lakini kwenye ukaguzi ukinyamaza anayeumia ni mteja. Maombi yangu mimi yakague kwa ukali uleule.

Ombi likikubaliwa na majaribio yakipita, bonyeza `Squash and merge`. Msimbo unaenda wenyewe kwenye seva ya majaribio, na hapo mtu mwingine, si wewe, anaujaribu kwa simu ya bei ndogo na mtandao dhaifu. Kwa wateja tunatoa Jumanne hadi Alhamisi, asubuhi. Ijumaa hapana: Jumamosi soko linajaa, na hitilafu ya siku hiyo inafunga depo nzima.

Kikiharibika kitu, usitengeneze moto kwa moto. Rudisha nyuma kwa `git revert`, toa upya, halafu tutafute chanzo kwa utulivu. Kumbuka tu kwamba `git revert` hairudishi hifadhidata. Ndiyo maana safu mpya tunaiongeza kwanza, tunatoa, na ya zamani tunaifuta katika toleo la baadaye.

Kazi yako ya kwanza ni hiyo 214: mteja anapata risiti mbili kwa malipo moja. Kaka Serge atakaa nawe asubuhi yote ya Jumatatu. Ukipata shida na mwaliko kabla ya hapo, nipigie hata Jumapili, ila baada ya misa.

Patrick
Kiongozi wa timu, Lubumbashi