Ombi la ankara ya kodi yenye namba ya VRN: mzigo wa nondo wa tarehe 12 Mei

Ndugu Meneja wa Mauzo,

Salaam. Nondo zilifika Mbezi salama na hesabu ilikamilika, tunashukuru. Malipo yote ya shilingi 4,720,000 yalishaingia benki kwenu.

Shida ipo kwenye karatasi. Ankara iliyokuja na dereva imeandikwa kwa mkono. Inaonyesha VAT ya shilingi 720,000, yaani asilimia 18 ya 4,000,000, lakini VRN yenu haipo, na risiti ya EFD haikuambatanishwa. TIN peke yake haitoshi. Kwa ankara hiyo TRA hawatatukubalia kudai kodi tuliyolipa kwenye manunuzi, na kwa duka la ukubwa wetu hiyo ni fedha ya kununulia mzigo mwingine.

Naomba mtutolee ankara ya kodi iliyo kamili pamoja na risiti ya EFD, zikiwa na jina, TIN na VRN yenu, TIN na VRN yetu, na bei kabla ya kodi ikitengwa na VAT yenyewe. Cheti chetu cha usajili nimekiambatisha ili namba zisikosewe.

Ritani ya Mei mwisho wake ni tarehe 20 Juni, hivyo tukiipata kufikia tarehe 13 itatufaa sana. Kama risiti ilishatolewa bila taarifa zetu, tafadhali nipigie tuone namna ya kuirekebisha. Oda ya Juni ipo tayari, nitaituma nikishapokea ankara.

Wako katika biashara,
Mhasibu, duka la vifaa vya ujenzi, Mbezi