Mzigo wa Mama Neema, Temboni

Alhamisi, saa 8:10 mchana

Shabani: Habari za mchana dada Neema. Naitwa Shabani, dereva wa bodaboda niliyepewa mzigo wako dukani Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Ni boksi la mashine ya kupimia presha, limefungwa nailoni na halijafunguliwa. Nimesimama Kimara Mwisho, najikinga mvua, na sitaki kusogea kabla hatujaelewana njia.

Shabani: Kwenye boksi pameandikwa hivi, nakuandikia kama palivyo: "Mama Neema, Kimara Temboni, karibu na msikiti, geti jeusi." Basi. Chini kuna namba ya simu lakini tarakimu ya mwisho imelowa, sijui ni 1 au 7. Nimejaribu ya 1 akapokea mzee yuko Tabora, hana habari na mashine yoyote. Ya 7 haipatikani. Ndiyo maana dukani wamenipa namba yako.

Neema: Salama kaka Shabani, pole na mvua. Ni 7, simu ya mama. Ni kitochi, kikiisha chaji hukumbuka kesho yake. Ngoja nikutumie lokesheni.

Neema: 📍 Mahali nilipo sasa

Shabani: Dada, hii inanipeleka Mwanza. Ramani inasema zaidi ya kilomita 1,000 😄

Shabani: Umetuma mahali ulipo wewe. Mimi nahitaji ilipo nyumba. Kama kuna mtu yuko pale nyumbani mwenye simu ya kupangusa, yeye ndiye atume. Kama hayupo, usihangaike, twende kwa alama, nitafika tu.

Neema: Jamani 🙈 Nyumbani yuko mama na binti wa kazi, wote hawana simu kubwa. Kaka yangu yuko kazini bandarini, hapokei mpaka jioni. Twende kwa alama.

Shabani: Sawa. Naanza na upande wa barabara, mengine yote yanafuata. Ukishuka kituo cha Temboni, nyumba iko mkono gani?

Neema: Kushoto. Unashuka, unaingia kushoto pale penye baa ya njano ya kona, imepakana ukuta na duka la vifaa vya ujenzi. Unaenda mpaka msikitini.

Shabani: Baa ya njano siijui. Wewe dada uliondoka Dar lini?

Neema: Nilihamia Mwanza 2015. Lakini nakuja kila mwaka!

Shabani: Basi hiyo baa itakuwa ilipigwa X. Majengo ya barabarani pale yalibomolewa 2017 kupisha upanuzi wa Morogoro Road, kuanzia hapa Kimara kwenda mbele. Sasa hivi barabara ni njia nane na kona zote zimebadilika sura. Alama yoyote iliyokuwa inagusa barabara tuiache, tushike zilizo ndani.

Shabani: Na hiyo "kushoto" nataka kuihakikisha. Ukija kila mwaka unapitia wapi kufika nyumbani?

Neema: Nashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi, kaka ananifuata na gari.

Shabani: Kumbe. Sasa fikiria: mko kwenye gari na kaka, mmetoka stendi mnarudi kama mnaelekea mjini. Mkifika Temboni mnakata kushoto moja kwa moja, au mnavuka barabara kwanza?

Neema: Hatuvuki. Kushoto moja kwa moja.

Shabani: Basi kwangu mimi ninayetoka mjini ni KULIA. Tungeachana hapo dada. Ningeingia upande wa pili nikazunguka na boksi lako mpaka magharibi, au ningepitiliza Kwa Msuguri nikitafuta pa kugeuzia.

Neema: Mungu wangu. Kweli, kulia kwako.

Shabani: Tumemaliza la upande. Sasa msikiti. Upande huo najua misikiti miwili. Mmoja una mnara mrefu na uko karibu na lami, mwingine ni mdogo uko ndani, ukishuka bondeni. Wenu ni upi?

Neema: Wa ndani. Wa bondeni, una mabati ya kijani. Zamani yalikuwa ya kijani.

Shabani: Bado ni ya kijani. Kuna madrasa pembeni na tanki la maji juu ya mnara wa chuma?

Neema: Ndiyo! Tanki jeusi. Watoto wa mtaa mzima wanachota pale.

Shabani: Hapo nimepapata. Nakurudia tuone kama tuko pamoja: navuka kwenda upande wa kulia, naingia barabara ya vumbi, nashuka mteremko, naukuta msikiti mdogo wa mabati ya kijani na tanki jeusi. Nikifika hapo, nyumba iko mbele ya msikiti, nyuma yake, au nakata?

Neema: Unapita msikiti, unakata kulia pale kwa Mangi.

Shabani: Dada yangu, Kimara hii kila kona ni kwa Mangi 😂 Nipe kitu cha huyo Mangi. Rangi ya duka, anachouza nje, chochote.

Neema: Ana grili za bluu, na nje kuna benchi refu wazee wanacheza bao. Anauza mkaa kwa makopo.

Shabani: Sawa. Ukikata kulia kwa Mangi wa wazee wa bao, nyumba ya ngapi na mkono gani? Uhesabu zenye geti tu, vibanda usivihesabu.

Neema: Mkono wa kushoto. Ya nne au ya tano. Geti jeusi.

Shabani: Ya nne au ya tano ni watu wawili tofauti, na mmoja wao anaweza kuwa na mbwa. Kuna kibao cha namba ya nyumba? Vile vidogo vya anwani za makazi vilivyobandikwa 2022, huwa kwenye nguzo ya geti au juu ya mlango.

Neema: Sikumbuki. Ila kaka alinitumia picha Desemba walipomaliza kupaka rangi. Ngoja niitafute.

Shabani: Tafuta taratibu, mvua bado haijanipa ruhusa.

Saa 8:31

Neema: Nimeipata. Kaka Shabani, geti siyo jeusi tena! Wamelipaka maruni. Na ukuta ni krimu. Kibao kipo, nimevuta picha naona 38. Jina la barabara limefichwa na ua.

Shabani: Maruni, 38. Vizuri sana. Namba peke yake haitoshi kwa sababu kila barabara inaanza kuhesabu upya, lakini nikishafika kwa Mangi itanimalizia kazi. Ua gani huo?

Neema: Bogenvilia, la pinki, limepanda mpaka juu ya ukuta.

Shabani: Hilo ndilo ungeliandika kwenye boksi dada, siyo geti. Geti hupakwa rangi, bogenvilia la namna hiyo halina mwenzake mtaani.

Shabani: Mambo matatu ya mwisho, halafu nawasha. Nani atapokea, na nimwite nani getini? Huku mtu akigonga na helmeti kichwani hafunguliwi. Pili, kuna mbwa? Tatu, hela. Dukani wameniambia mashine imeshalipwa, imebaki 7,000 ya usafiri. Analipa mama au unalipa wewe?

Neema: Mtaani wanamwita Mama Neema, lakini wewe mwambie binti umetumwa na "Neema wa Mwanza". Binti anaitwa Rehema. Mbwa hakuna, kuna bata, wanadona miguu. Hela nalipa mimi, tafadhali mama asiulizwe hela kabisa, ataanza kufungua vitambaa.

Shabani: Nimeelewa. Nikishakabidhi nitakutumia lipa namba, uhakikishe jina linalotokea ni Shabani kabla hujaweka namba ya siri. Usitume kabla sijafika.

Shabani: Na kama mama yuko peke yake na hataki kufungua, kuna jirani wa kumwita?

Neema: Mama Jose, geti linalotazamana. Nimempigia sasa hivi, yuko nyumbani. Amesema ataenda kumwambia mama awashe simu na atasimama nje akiona pikipiki.

Shabani: Asante kwa hilo, umeniokolea honi nyingi. Ile barabara ya kushuka bondeni ikoje mvua ikinyesha?

Neema: Mama Jose anasema usishuke na pikipiki kwenye korongo, pita ya juu kwa serikali ya mtaa, penye bendera, ndiyo wamemwaga kifusi. Inatokea nyuma ya msikiti.

Shabani: Sawa. Hapo safari inabadilika kidogo: naufikia msikiti kwa nyuma, kwa hiyo kwa Mangi nitakata KUSHOTO badala ya kulia. Au?

Neema: Subiri nimuulize.

Neema: Hapana, anasema ukitokea juu unamkuta Mangi kabla ya msikiti. Unakata pale pale kwa Mangi, kushoto ndiyo, na msikiti huufikii.

Shabani: Nakurudia kwa mara ya mwisho. Temboni, upande wa kulia nikitoka mjini. Napita juu, ofisi ya serikali ya mtaa yenye bendera, barabara ya kifusi. Duka la Mangi la grili za bluu, benchi la bao. Nakata kushoto, msikiti siufikii. Nyumba ina mkono wa kushoto, geti maruni, ukuta krimu, bogenvilia la pinki, kibao 38. Mama Jose anatazamana nayo. Sawa?

Neema: Sawa kabisa.

Shabani: Nikiwa naendesha sisomi simu. Kukiwa na badiliko piga, usiandike.

Saa 9:04 alasiri

Shabani: Niko getini. Njia ya kifusi imenifikisha bila kuteleza. Kibao ni 38 kweli, na nimeona ile ya nne ni 36, wana rotiweila. Wenu ni ya tano.

Shabani: Mama nimemsalimia, ameitikia marahaba na ananiambia nikae nile. Boksi amelipokea mwenyewe, Mama Jose ameshuhudia. Picha ya boksi likiwa mezani hii hapa, mama amekataa kupigwa yeye, anasema hajasuka.

Neema: 😂😂 Huyo ndiye mama. Asante sana kaka. Tuma namba.

Shabani: Nimetuma. Na nimekuwekea pini ya hapa hapa getini, ihifadhi kwa jina la nyumbani. Mzigo mwingine andika hivi juu ya boksi: "Mama Neema, nyumba 38, Temboni, Manispaa ya Ubungo. Kulia ukitoka mjini, pita serikali ya mtaa, kata kushoto duka la Mangi grili za bluu, geti la tano kushoto, bogenvilia la pinki." Na namba mbili za simu, ya mama na ya Mama Jose, kwa kalamu isiyofutika na maji.

Neema: Nimeihifadhi. 7,000 nimetuma, jina limekuja Shabani.

Shabani: Imeingia. Kuna kitu kimoja, mashine inatumia betri nne ndogo na ndani ya boksi hazimo. Mama ameshavaa ule mkanda mkononi anasubiri. Nikimbie kwa Mangi?

Neema: Kimbia tafadhali, nakurudishia sasa hivi. Na mwambie mama asipime akiwa anaongea na Mama Jose, presha itapanda bure.