Baba na Mama, karibuni Maskati

Ruwi, Maskati
Jumanne, 4 Novemba 2025

Wazazi wangu wapenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamooni. Mimi mzima alhamdulillah, kazi inakwenda, na naomba barua hii ikufikieni nanyi mko katika afya njema. Nimemtumia Rukia kwenye simu, akusomeeni kisha aichapishe muwe nayo mkononi, kwani mambo ni mengi na simuni hatuyamalizi.

Safari imekamilika. Visa zenu niliziomba kwenye mtandao wa Polisi wa Oman na zote mbili zimetoka. Tiketi nimezilipa. Mtaondoka Kisauni Alkhamis ya tarehe 8 Januari 2026, ndege ya moja kwa moja, bila ya kubadilisha popote, na mtarudi Jumamosi tarehe 17. Januari nimeichagua makusudi: joto la huku la mwezi wa Sita na wa Saba halifai kwa mtu mwenye shinikizo la damu, lakini Januari mchana ni jua la kupendeza na usiku kuna kibaridi. Na mtakuwa mmerudi nyumbani kitambo kabla ya Ramadhani.

Sasa hili la hoteli. Najua halitampendeza Mama. Mzazi amfuate mwanawe ughaibuni halafu alazwe hotelini, Mama atasema hayo hayajaonekana kwetu. Nakuombeni mnisikilize. Ninapokaa ni vyumba viwili na tumo wanaume watatu, mmoja wetu anafanya kazi ya usiku na mchana ndio analala. Ni ghorofa ya tatu na lifti hamna. Mama na goti lake atazipandaje zile ngazi, na akifika juu atavulia wapi baibui lake?

Kwa hiyo nimepanga fleti katika hoteli moja Matrah, mkabala na bahari. Ina chumba chenye vitanda viwili, sebule, na jiko dogo la umeme lenye jokofu na birika, Mama apike chai yake ya tangawizi saa anayotaka bila ya kumuomba mtu. Nilikwenda kuiangalia kwa macho yangu. Lifti inafanya kazi, choo ni cha kukaa na kina mpira wa maji pembeni, darini kuna mshale wa kibla, na msikiti uko hatua chache tu. Kifungua kinywa kimo ndani ya bei. Na sebuleni kuna kochi refu: hapo ndipo nitakapolala mimi, siku zote mtakazokuwepo. Sikuleteni mje mkae peke yenu. Nimeichukua ile yenye sebule ili sote tuwe chini ya dari moja, tusali Alfajiri pamoja na Mama anipigie kelele nisipoamka.

Bei ni rial 20 kwa usiku, na nimeshaimaliza. Nakutajieni ili Baba asiwe na wasiwasi kwamba kuna deni linatungoja. Halipo.

Siku hizo zote niko likizo, sitakwenda kazini. Nitakupokeeni uwanjani, mkishatoka na mizigo mtaniona mbele yenu.

Ijumaa ya kwanza tutasali katika Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos. Ulifunguliwa mwaka 2001, na zulia lake lilifumwa na wanawake wa Iran kwa mkono, kipande kimoja kinachoenea ukumbi mzima wa wanaume. Mama atasali upande wa wanawake, na tukishasali nitamchukua aje alione. Kutoka hapo tunakwenda Al Khoudh kwa Shangazi Zuwena, atatupikia. Tangu alipoondoka Unguja baada ya 1964 akiwa msichana, yeye na Baba wamesikiana kwa simu tu. Kila nikimtembelea ananiuliza kama ule mwembe wa uani upo bado, na Kiswahili chake ni kilekile cha Ng'ambo. Siku hiyo sikupanga jambo jingine lolote. Tutakaa mpaka mtakapotaka wenyewe kuondoka.

Jumamosi na Jumapili ni za Matrah, kwa miguu, polepole. Soko la samaki liko karibu na hoteli. Baba, utaona nguru na jodari wamepangwa kwenye meza safi, mnunuzi anachagua, kisha anampelekea mkataji ambaye kazi yake ni hiyo tu. Anampara, anamkata mapande na kumfunga. Tutanunua nguru, Mama atupikie mchuzi. Jioni tutaingia sokoni kwenye ubani, udi na vitambaa. Bei ya kwanza msiikubali. Na usishangae muuza duka akikujibu kwa Kiswahili, wako wengi.

Jumatatu tumepumzika. Jumanne nimekodi gari twende Sur, kiasi cha kilomita 200, barabara nzuri, bahari mkono wa kushoto. Hii nimeipanga kwa ajili ya Baba. Ulikuwa ukitusimulia majahazi ya Waarabu yaliyokuwa yakiingia Malindi na kaskazi, na mabaharia wake waliokuwa wakilala barazani. Mengi yalikuwa ya Sur. Kimehifadhiwa pale chombo kimoja, Fatah al-Khair, kilichoundwa hapo hapo mwaka 1951. Kiliuzwa Yemen kisha watu wa Sur wakakinunua tena. Mafundi bado wapo, na ukisimama karibu unasikia harufu ya mbao na mafuta. Natamani unionyeshe wewe kila kitu kinaitwaje.

Wenzangu walinishauri nikupelekeni na Wadi Shab njiani. Nimekataa. Ni pazuri, ila ni mwendo mrefu juu ya mawe, na goti la Mama sitaki kulichezea.

Jumatano na Alkhamis Shangazi ameziomba, na mimi nimempa. Ijumaa ya pili tutaondoka baada ya Alfajiri kwenda Nizwa kwenye mnada wa mbuzi. Wauzaji wanazunguka duarani wakivuta mbuzi zao na kunadi bei, wanunuzi wamekaa wanawakagua meno. Tutaiona na ngome, tusali Ijumaa huko, turudi tufunge mizigo.

Yaliyobaki kwenu ni machache. Dawa za Mama zije kwenye maboksi yake, pamoja na karatasi ya daktari yenye jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti. Huku dawa zinaangaliwa sana. Dawa ziwe mkobani, zisiingie kwenye sanduku. Tiketi inaruhusu kilo 30 kila mmoja. Shangazi ameomba karafuu na pweza mkavu, basi. Mama, sufuria na mchele viko huku, usivibebe. Kila mmoja achukue sweta, na Baba vaa vile viatu vyeupe ulivyovizoea. Saa za huku ziko mbele kwa saa moja, basi sogezeni mkishatua. Khamis wa teksi atakupelekeni Kisauni, nimeshaongea naye.

Nawajua nyinyi. Mmoja atasema nani ataangalia kuku, na mwengine atasema pesa hizi ningejengea. Kuku Rukia atawaangalia. Nyumba nitajenga, inshaallah. Lakini miaka yote hii mmenisomesha na kuniombea, na kazi ninayoifanya na watu ninaoishi nao mnavisikia kwenye simu tu. Nataka mvione mkiwa na nguvu za kutembea.

Baba, nipigie Ijumaa baada ya Isha unambie kama tarehe zimekufaeni. Tiketi zinabadilishika mpaka mwisho wa mwezi huu.

Mwanenu akupendeni,
Suleiman