Nyumba ya kupanga Bangwe, Kigoma: vyumba vitatu, ziwa lote mbele yako

Haya wadau, karibuni tena, na nyie mnaohamishiwa Kigoma kikazi kaeni vizuri maana hii ni yenu. Leo nipo Bangwe, nyumba nzima inapangishwa, vyumba vitatu vya kulala, kodi 450,000 kwa mwezi. Bei nimeitaja mapema kwa sababu kuna watu wanaangalia video mpaka mwisho halafu wanaanza kunitukana.

Ukitoka stesheni, ile ya Mjerumani, unashika njia ya Bangwe, lami inakuacha pale kwenye kona na hiki kipande unachokiona ni vumbi na kilima. Bodaboda inapanda, gari ya juu inapanda, ila wewe mwenye kigari cha chini mvua zikishika kuanzia Novemba huko utakiacha kwa jirani upande kwa mguu, nakwambia kabisa usije ukasema dalali kanificha.

Geti la chuma hili, tunaingia. Fensi ya tofali imezunguka yote, pevingi inaanzia hapa getini inaishia barazani, gari mbili zinageuka bila kugombana. Mwembe ule pale pembeni, na embe ni za mpangaji, hilo nimemuuliza mwenye nyumba mwenyewe maana kuna sehemu unalipa kodi na embe unakatazwa.

Sasa baraza. Ngoja nigeuze simu... unaona? Ziwa hilo, Tanganyika lenyewe, na ile milima ya ng'ambo ni Kongo. Usiku wa giza ndo patamu zaidi, wavuvi wa dagaa wanawasha taa zao kule majini mpaka unadhani kuna mji mwingine umeota, mbalamwezi ikitoka hawaingii basi panakuwa kimya.

Tuingie sebuleni. Chini marumaru, juu jipsamu na feni, madirisha ya aluminiamu yana nyavu za mbu, seti ya makochi inaenea na watoto wanapata pa kukimbilia. Kitu kimoja tu, nyumba imetazama magharibi, kwa hiyo saa kumi jua linaingia lote mpaka kwenye kochi, utahitaji pazia zito kweli, siyo vile vya kuonea.

Hapa kulia dainingi, meza ya watu sita inakaa, na kile kidirisha ukutani ni cha kupitishia chakula kutoka jikoni, mama akipakua huku nyie mnapokea kule. Jiko lenyewe hili, makabati juu na chini, sinki la mabeseni mawili. Sogea hapa karibu na swichi. Unaona hiyo alama ya chungwa? Mawese hayo, mpangaji aliyetoka alikuwa anapika vizuri inaonekana, nimesugua kwa kidole wapi! Mwenye nyumba kaahidi kupaka rangi kabla hujaingia, lakini hakikisha inaandikwa kwenye mkataba. Stoo hii hapa, shelfu tatu, gunia la mchele linakaa.

Korido. Kushoto chumba cha kwanza, kidogo, cha watoto. Kinachofuata ni kikubwa kidogo, kina kabati la ukutani na kipo upande wa mashariki, mchana hakichemki. Mkabala choo na bafu vya wote, kila kimoja na mlango wake, asubuhi hakuna kugongeana. Mwisho wa korido masta, kitanda cha sita kwa sita kinaingia na nafasi inabaki, choo chake ndani, na hita. Nimeiwasha nilipofika, nimeweka mkono kwenye maji, yanachoma.

Turudi tutokee mlango wa jikoni. Uwani kuna jiko la mkaa la nje, na wewe mla migebuka unajua umuhimu wake, kaanga huku harufu ibaki huku huku. Chumba cha msaidizi kile, kamba za nguo, na tangi la lita 2,000 pale juu, bomba likikata unaendelea na maisha.

LUKU ni yako peke yako. Ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU mwenye nyumba amekubali kuipunguza kwenye pango, tunza tu risiti. Malipo ni miezi sita, 2,700,000, na dalali ni mwezi mmoja juu yake, hapo hatubishani. Kuja kuiona ni bure, ila nauli ya boda jitegemee.

Funguo ninazo mimi mpaka Jumamosi, nicheki inboksi tupangane. Na ukija njoo saa kumi, ulione hilo jua kwa macho yako kabla hujatoa hela.