Kiache Kilie

Muuza vyungu wa soko la Tandika alikuwa amepanga mali yake chini ya mwavuli: vyungu vikubwa chini, vikaango juu, majani makavu katikati. Rehema akanyoosha mkono agonge kilichokuwa karibu. Bibi akamzuia.

"Kikiegemea wenzake hakilii, mjukuu wangu. Kitoe. Toa na majani ndani. Sasa kikalishe juu ya ncha za vidole vya mkono wa kushoto, usikikumbatie, mdomo wake usiuguse."

Kilikuwa chungu cha wali wa kilo moja, chekundu, chenye doa jeusi ubavuni. Rehema akauliza kama doa ni ubovu. Bibi akasema ni moshi tu, kuni zilikilalia wakati wa kuchomwa.

"Gonga na kifundo cha kidole. Taratibu, kama unabisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa."

Ngiii. Mlio ukaenda, ukafifia wenyewe.

"Zunguka. Mdomo pande nne, tumbo, halafu kitako. Pote pakilia hivyo, kizima."

Cha pili kikatoa *ko*, basi. Rehema akakirudisha haraka. "Kina ufa!"

"Labda. Kigonge tena." *Ko*, kila mahali sawasawa. Bibi akapitisha kucha kitakoni; unga mwekundu ukabaki kwenye kucha. "Hiki hakikuiva. Na kingekuwa kimenyeshewa kingelia hivyohivyo, kwa hiyo siku ya mvua usinunue chungu. Ufa una lugha yake."

Akampa cha tatu. Upande mmoja kililia vizuri. Rehema alipofika karibu na mdomo, mlio ukakatika na nyuma yake kukawa na mkoromo mwembamba, *krrr*.

"Hapo!" akasema Rehema. "Lakini sioni kitu."

"Kingo mbili za ufa zinasuguana, ndiyo hizo unazosikia." Bibi akalowesha ncha ya kanga kwa maji ya chupa, akapangusa, akangoja. Udongo ukakauka, ukabaki mstari mweusi mwembamba kama urefu wa kidole, ukishuka kutoka mdomoni. "Ufa umekunywa maji, unachelewa kukauka. Maji yaje mwisho, usigonge kilicholowa. Huyu aliyekifinyanga alikianika juani mapema. Mdomo ni mwembamba, ukakauka na kunywea kabla ya tumbo. Ukikibandika motoni, ufa unashuka mpaka chini na mchuzi unazima mkaa."

Muuzaji akautazama ule mstari, akakiweka pembeni. "Hicho mama nitakiuza cha kupandia maua."

"Vizuri, lakini mwambie mnunuzi."

Walichukua kile cha kwanza kwa shilingi 6,000. Rehema akakiinua kwa mdomo. Bibi akamshika mkono, akauhamishia kitakoni.

"Na kwenye daladala unakipakata. Tukifika nyumbani tunakigonga tena kabla hakijaonja moto."

"Kwani si tumeshakigonga, Bibi?"

"Barabara ya Tandika hujaiona?"