Kipindi cha tano: Njia ya kurudiana baada ya ugomvi

Darasa la wachumba, ibada ya Kiswahili, Busia, Uganda. Jumamosi, saa nane hadi saa kumi na nusu. Anafundisha Mama Neema. Mazoezi yanasimamiwa na Baba Neema. Kila mtu awe na Biblia, daftari na kalamu.

Bwana asifiwe. Karibuni, kaeni kila mtu na mwenzake. Simu zizimwe, hata za wale wenye mizigo inayosubiri kuvuka mpaka.

Wiki iliyopita tulizungumzia pesa, na wachumba wawili kati yenu wakaondoka hapa kila mmoja na boda yake. Nimewaomba ruhusa ya kulisema, wakakubali, na nawashukuru. Mimi niliona ni heri. Afadhali mkorofishane sasa, mkiwa bado na watu wa kuwashika mkono, kuliko mgombane mara ya kwanza mkiwa ndani ya chumba kimoja cha kupanga, mlango umefungwa, na hakuna aliyewahi kuona mwenzake akikasirika.

Kugombana mtagombana. Kikombe na sahani vikikaa kabati moja vitagongana. Ninachotaka mtoke nacho leo ni kimoja: kabla hamjafunga ndoa, mkubaliane njia ya kurudiana. Nimeona nyumba zenye kelele nyingi zikidumu kwa sababu watu wake wanajua kurudi. Nimeona na nyumba kimya zikivunjika kwa sababu hakuna aliyejua nani aanze.

Fungueni Mwanzo 2:23. Adamu anamwona mkewe anasema, "Sasa huyu ni mfupa katika mifupa yangu, na nyama katika nyama yangu." Sasa geuzeni ukurasa, sura ya 3, mstari wa 12. Mungu anamuuliza kuhusu tunda, na mume yule yule anajibu, "Huyo mwanamke uliyenipa awe pamoja nami..." Mmesikia? Mfupa wangu amekuwa huyo mwanamke. Na lawama inafika hadi kwa Mungu: uliyenipa.

Sikilizeni sana jina linapobadilika. Siku zote anakuita Mama Fulani, au mpenzi, au jina lako la ubatizo. Siku ya hasira unakuwa "huyu mtu", au "nyinyi watu wa kwenu". Hapo jueni hamzungumzii tena chumvi kwenye maharage. Mnaanza kutengana mifupa. Anayeligundua kwanza aseme, "Tumeanza kuitana vibaya, tutulie." Hiyo peke yake imetuokoa sisi mara nyingi.

Zoezi la kwanza. Dakika kumi, bila kuongea. Andika: nyumbani kwenu wazazi au walezi wako walikuwa wanagombanaje? Nani alinyamaza, nani alipiga kelele, nani aliondoka? Na wewe mtoto ulikuwa wapi? Kama hukulelewa na wawili, andika uliyoyaona kwa shangazi au kwa jirani. Mkimaliza, badilishaneni madaftari. Soma ya mwenzako kimya, halafu uliza swali moja tu: "Ulikuwa unajisikiaje?" Usitoe ushauri, wala usimlaumu mama mkwe wako mtarajiwa.

(Baba Neema anapita katikati ya viti. Anayelia aachwe alie, asiharakishwe.)

Wengine mmegundua jambo sasa hivi. Kwao, kunyamaza ni heshima. Kwenu, kunyamaza ni adhabu. Mtu amekulia Kasese, mwenzake amekulia Koboko, mwingine hapa hapa Sofia mpakani, na kila mmoja anadhani kwao ndiyo kawaida ya dunia nzima. Mtu akinyamaza kwa nia njema na mwenzake akasikia dharau, hapo kuna vita na hakuna aliyekosea.

Sasa niwape ya kwangu. Mwaka wa saba wa ndoa, Baba Neema alimtumia mdogo wake shilingi 300,000 kwenye simu bila kuniambia. Ilikuwa karo ya muhula. Nilipojua sikupiga kelele. Nilipika posho na samaki, nikaweka mezani, nikaenda kulala. Siku nne sikumsemesha. Kila nilichotaka kusema nilimtuma mtoto: "Neema, mwambie baba chakula tayari." "Neema, muulize baba mafuta ya taa yako wapi." Alikuwa na miaka sita. Siku ya nne nikamwita tena. Akasimama mlangoni ameshika pindo la gauni lake, akasema, "Mama, leo sitaki kwenda." Akakaa pale pale chini.

Nilijua Waefeso 4:26 kwa moyo. Niliwahi hata kuwafundisha akina mama. "Mwe na hasira, ila msitende dhambi, jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka." Jua lilikuwa limekuchwa mara nne juu yangu, na mtoto ndiye aliyebeba mzigo. Baba Neema alikuja jioni ile na kiti kidogo, akakaa karibu na sigiri nikichoma mahindi. Akasema, "Nilikosea kutokukuambia. Kumsaidia ndugu yangu sijutii, ila kukuficha najutia." Sentensi hiyo iandikeni. Hakuomba msamaha wa jumla jumla. Alitaja kosa lenyewe. Na mimi nikataja langu: nilimgeuza mtoto wetu kuwa tarishi.

Hapa kuna swali ambalo kila darasa huniuliza. Je, ni lazima kila ugomvi uishe kabla ya jua kutua? Mume amerudi saa nne usiku amechoka, au amekunywa, tuanze kesi? Someni 1 Samweli 25, mstari wa 36 na 37. Abigaili ametoka kuokoa nyumba yake nzima mikononi mwa Daudi. Anarudi anamkuta Nabali amelewa kabisa. Biblia inasema hakumwambia neno lolote, dogo wala kubwa, hata kulipopambazuka. Alingoja divai imtoke. Mwanamke mwenye akili, na Maandiko yenyewe ndiyo yanayomwita hivyo, alichagua saa.

Paulo na Abigaili hawapingani, kwa jinsi ninavyoelewa. Paulo anakataza kulala na uchungu. Hasemi kila shauri likatwe usiku ule ule. Unaweza kumwambia mwenzako, "Nina hasira na jambo hili. Sitalisema sasa, tutalisema kesho saa kumi na mbili asubuhi kabla watoto hawajaamka. Nakupenda, lala salama." Hapo jua limetua na uchungu haujapewa kitanda. Lakini angalieni: anayesema "tutaongea baadaye" bila kutaja saa amekimbia. Baadaye bila saa ni ukimya ule ule uliovaa nguo safi.

Zoezi la pili. Kila wachumba waandike mambo mawili. Kwanza, neno mtakalotumia kuomba kupumzika kwenye ugomvi. Liwe fupi, lisiwe la kudharau. Darasa lililopita wengine walichagua "chai". Pili, muda mrefu kabisa mnaoruhusiwa kukaa kabla ya kurudi kwenye mazungumzo. Sisi wetu ni saa 24. Nani anarudi kwanza? Aliyeomba kupumzika ndiye anayerudi. Pigeni mstari hapo.

Sasa geuzeni viti mtazamane. Zoezi la tatu ni la kikombe. Baba Neema atawapa kila wachumba kikombe cha plastiki. Mwenye kikombe ndiye anayesema, kwa dakika mbili, kuhusu jambo dogo linalomkera. Nasema dogo: kuchelewa, simu mezani, kutopokea salamu za ndugu. Msilete leo lile kubwa kuliko yote. Asiye na kikombe hajibu. Akimaliza mwenzake, anasema, "Nimesikia kwamba..." na kurudia kwa maneno yake mwenyewe, halafu anauliza, "Ndivyo?" Akiambiwa sivyo, anarudia tena. Akiambiwa ndivyo, anapokea kikombe.

Yakobo 1:19: kila mtu na awe mwepesi wa kusikia, bali si mwepesi wa kusema. Na Mithali 18:13, ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake.

Mwenye kikombe, anza na jambo lililotokea na lilivyokugusa. "Jana ulikuja saa tatu, nikakaa na wasiwasi." Usianze na "wewe kila siku" wala "wewe hata siku moja". Maneno hayo mawili si ya kweli karibu mara zote, na mwenzako ataacha kusikia kilio chako atafute siku moja tu ya kukukanusha.

(Dakika ishirini. Wakicheka ni sawa. Wanaokwama, Baba Neema akae nao.)

Tuje kwa ndugu na wazee. Mathayo 18:15 inasema "wewe na yeye peke yenu". Kabla ya shangazi, kabla ya kikundi cha akiba, kabla ya mchungaji. Ukimpigia mama yako simu kila mnapokosana, ninyi mtasameheana Jumanne, yeye atabaki na uchungu hadi Krismasi. Lakini mstari wa 16 unaruhusu kuchukua mmoja au wawili. Basi chagueni leo, mkiwa na amani: mtu au wanandoa wa siku nyingi ambao ninyi wote wawili mnawaheshimu na hawatangazi ya watu. Ssenga, yule shangazi mshauri wa ndoa, anaweza kuwa mzuri, kama mume naye anamwamini. Akiwa wa upande mmoja tu, si mpatanishi.

Na mahari isiwe rungu. "Rudisheni ng'ombe zangu" ni neno linaloua nyumba. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la MIFUMI la jirani zetu wa Tororo, iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ili ndoa ya kimila ivunjwe ni kinyume cha katiba. Mwanamke hakununuliwa. Kijana, kama ulikuwa umeiweka silaha hiyo akiba, itoe leo.

La mwisho nalisema nikiwa nimesimama. Kupiga si ugomvi. Kutisha, kufungia mtu ndani, kumnyima pesa ya chakula kusudi ajifunze adabu, hayo hayatibiwi na zoezi la kikombe, na sitamwambia yeyote avumilie kwa jina la Yesu. Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010 inahesabu hayo yote, na mateso ya maneno pia. Nenda mahali salama kwanza. Kisha LC, viongozi wa kijiji, au dawati la familia na watoto polisi. Mje kwetu pia, saa yoyote, hata usiku. Na kama imeshaanza sasa mkiwa wachumba, baki baada ya darasa. Nitakuwa pale nyuma karibu na ngoma, na mume wangu atawatoa wengine nje kunywa chai.

Kazi ya nyumbani: mara tatu wiki hii, dakika kumi na tano kwa kikombe, jambo moja kila mara. Mara ya tatu mzungumzie pesa za kutuma kwa ndugu: kiasi gani mtu anaweza kutuma bila kumwuliza mwenzake. Andikeni tarakimu, wote wawili mtie sahihi, mje nayo Jumamosi. Msipokubaliana, njooni na tarakimu mbili.

Vikombe ni vyenu, nendeni navyo. Tusimame tuombe.